Kabla ya kuwasha filta, tafuta kivuli

Ukipiga selfi Sericho saa saba mchana, filta ya urembo itakukosea mara mbili. Kwanza itadhani kivuli kilicho chini ya macho yako ni kasoro ya ngozi. Halafu, ili kukiondoa, itakupaka weupe uso mzima. Wewe ulitaka tu usionekane umechoka, lakini picha inatoka na mtu ambaye nyanya yako akionyeshwa atauliza, "Na huyu ni nani?"

Tumeichagua Sericho kwa sababu. Huo ni mji mdogo wa Garbatulla, Kaunti ya Isiolo, unaojulikana na wanasayansi kwa kimondo kilichopewa jina lake. Uko kaskazini kidogo tu ya ikweta. Jua la huko ni kali, ardhi ni ya vumbi jeupejeupe, nyumba nyingi zina mabati, na vijana wengi waliohamia Nairobi au Isiolo mjini hurudi huko wakati wa Idi na harusi. Hizo ndizo siku za picha. Selfi ikikubali pale, itakubali pia Eastleigh, Kitengela na Mombasa, kwa maana jua ni lilelile na ngozi zetu ni zilezile.

Swali ambalo vijana huulizana ni hili: nitumie filta ya simu au nihariri mwenyewe kwa mkono? Msimamo wetu ni kwamba ukitaka picha ifanane na wewe, hariri kwa mkono, na uhariri mwanga kabla ya kugusa ngozi. Filta ina mahali pake na tutapataja. Lakini kwa picha ya kukaa, ile utakayoitumia mwaka mzima kama picha ya wasifu, filta ni njia ya mkato inayokupeleka kwingine.

Hebu tuanze na kile filta inachofanya, kwa sababu wengi huiwasha bila kujua. Kamera ikishaona uso, programu huweka nukta nyingi juu yake: pembe za macho, ncha ya pua, kingo za midomo, mstari wa taya. Nukta hizo huunganishwa kuwa kama wavu unaoufuata uso wako kila unapogeuka. Kisha kazi tatu hufanyika kwa pamoja. Ngozi hulainishwa, yaani alama ndogondogo hufutwa huku kingo kubwa kama nyusi zikiachwa. Rangi hung'arishwa. Na umbo huvutwa, taya likaingia ndani, macho yakapanuka, pua ikapungua.

Tatizo ni kwamba filta haijui alama ipi ni chunusi ya juzi, ipi ni kovu ulilozaliwa ukalikuta, na ipi ni kivuli cha jua. Yote matatu ni giza dogo juu ya ngozi, basi. Na ile sehemu ya rangi ina historia mbaya. Mwaka 2017 programu ya FaceApp ilitoa filta iliyodai kumfanya mtu avutie zaidi, na watumiaji wenye ngozi nyeusi wakagundua kwamba "kuvutia" kulimaanisha kufanywa weupe. Mkuu wa kampuni aliomba msamaha na kueleza kwamba chanzo kilikuwa picha zilizotumika kuifunza programu, ambazo ziliegemea upande mmoja. Filta ile iliondolewa. Lakini fungua kamera ya simu yako uangalie menyu ya urembo. Katika simu nyingi bado utakuta kitelezi cha kung'arisha ngozi, na kwingine kimeandikwa waziwazi Whitening.

Hapa ndipo jambo linakuwa zito kuliko picha. Uso unaouona kila siku kwenye skrini ndio unaouzoea. Ukizoea uso uliong'arishwa, siku utakayojiangalia kwenye kioo utaona kasoro ambayo haipo. Na mjini, anayekuuzia dawa ya kasoro hiyo hayuko mbali. Krimu za kubadilisha ngozi zinaahidi rangi ileile ambayo filta imekuonjesha bure, na baadhi yake zina zebaki, ambayo huharibu figo. Si kila anayewasha filta atanunua krimu, la. Lakini ni bora kujua mapema mlango huo unaelekea wapi.

Sasa turudi kwenye mwanga. Tuseme umefika Sericho kwa Idi. Umevaa mtandio mweusi, mikononi una hina, na umesimama mbele ya nyumba ya mabati. Ni saa saba. Jua limepita utosi kidogo tu, kwa hiyo paji la uso, pua na mashavu vinang'aa, huku macho, chini ya pua na shingo vikiwa gizani. Mikunjo miwili ya giza chini ya macho inakufanya uonekane hujalala siku tatu. Unaweka mkono shavuni ili hina ionekane, unawasha filta, unabonyeza.

Angalia matokeo kwa makini. Uso umekuwa mweupe na laini, lakini wavu wa filta huishia usoni. Mkono ulio shavuni haukuguswa. Kwa hiyo una mkono wa mtu mmoja na shavu la mtu mwingine, vimebandikwa pamoja, na ile hina uliyokaa saa nzima kuichorwa ndiyo inayomvuta mtazamaji aone tofauti. Shingo nayo imebaki na rangi yake chini ya mtandio. Halafu tazama mabati nyuma yako. Mistari yake ilikuwa imenyooka, lakini karibu na taya imepinda kidogo kama inayeyuka, kwa sababu filta ilipovuta taya ndani ilivuta na kilichokuwa nyuma yake. Mkono, shingo na mistari ya nyuma: hapo ndipo watu hugundua picha ya filta, hata wasipoweza kueleza wameona nini.

Kibaya zaidi, huwezi kurudi. Ukipiga picha filta ikiwa imewashwa, mara nyingi simu huhifadhi picha iliyokwisha kulainishwa pekee. Ngozi yako ya kweli haipo tena ndani ya faili, na hakuna programu itakayoirudisha. Simu nyingi hutoka dukani urembo ukiwa umewashwa tayari kwa kiwango cha katikati, kwa hiyo huenda una picha za miaka miwili ambazo hujawahi kuamua zilainishwe. Ingia leo kwenye kamera ya mbele, tafuta Beauty au ikoni ya uso, uishushe hadi sifuri. Hilo ni la kwanza, hata kama baadaye utataka filta. Ipake juu ya nakala, na picha asili uiache salama.

La pili ni kusogea. Usipige juani saa saba. Ingia mlangoni mwa nyumba au chini ya ukuta wenye kivuli, kisha utazame nje, kule kwenye mwanga. Ile ardhi nyeupe iliyokuwa inakuunguza macho sasa inakufanyia kazi: inarudisha mwanga juu, unaingia chini ya nyusi na kidevu, na ile mikunjo ya giza inapungua yenyewe bila programu yoyote. Ukipenda mwanga wa nje kabisa, ngoja hadi baada ya saa kumi na moja jioni, jua likiwa limeshuka. Epuka kivuli cha mti wenye majani machache, maana utapata mabaka ya mwanga usoni ambayo hakuna anayeweza kuyahariri vizuri, awe filta au fundi.

Ukishasimama, gusa uso wako kwenye skrini ili kamera ipime mwanga hapo. Hili ni muhimu ukiwa na mtandio. Kitambaa cheusi kikijaza picha, kamera hudhani kuna giza na kuongeza mwanga, uso ukapauka. Kitambaa cheupe hufanya kinyume, uso ukazama gizani. Baada ya kugusa, simu nyingi huonyesha alama ndogo ya jua unayoweza kuitelezesha. Ishushe kidogo mpaka paji la uso lisiwe na doa jeupe tupu. Kumbuka kanuni hii: sehemu yenye giza kidogo unaweza kuifufua baadaye, lakini sehemu iliyoungua kwa mwanga haina kitu ndani.

La tatu ni umbali, na hili huwashangaza wengi. Kuna watu wanaowasha filta ya kupunguza pua ilhali tatizo si pua bali ni urefu wa mkono. Mwaka 2018 madaktari nchini Marekani walikokotoa, katika jarida la upasuaji wa uso, kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana zaidi kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Kwa umbali wa mita moja na nusu tofauti hiyo hupotea. Kwa hiyo egemeza simu dirishani au kwenye jerikeni, weka kipima muda cha sekunde 3 au 10, rudi nyuma hatua mbili, kisha ukate picha baadaye. Usiogope kukata. Picha ya megapikseli 8 ukiikata nusu kwa upana na nusu kwa urefu inabaki na pikseli 1632 kwa 1224, na Instagram huonyesha upana wa 1080. Inatosha, na chenji inabaki.

Mpaka hapa hujahariri chochote, na picha tayari imepona karibu yote. Kilichobaki ni dakika tano za mkono. Tutatumia Snapseed kwa mfano, kwa sababu ni ya bure, haichapishi matangazo juu ya picha yako, na inafanya kazi hata mtandao ukikatika, jambo ambalo ukiwa Sericho si la kupuuza. Majina ya vifaa tunayaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini.

Anza na rangi. Kivulini mwanga huwa na ubuluu, na ngozi nyeusi huonekana ya kijivu, kana kwamba hujapaka mafuta. Fungua White Balance, chagua Temperature, uisogeze kulia kidogo tu, labda 5 hadi 10. Usitazame uso unapofanya hivyo. Tazama weupe wa macho na meno. Yakianza kuwa ya njano, umepitiliza, rudi.

Kisha Tune Image. Pandisha Shadows hadi 15 au 20 ili macho yafunguke, na shusha Highlights kiasi kama hicho ili paji la uso litulie. Acha Brightness jinsi ilivyo, kwa sababu hiyo huinua kila kitu kwa pamoja, na hapo utakuwa umejitengenezea filta yako mwenyewe ya kung'arisha. Ukipandisha Shadows sana kwenye simu ya bei nafuu, chengachenga zitatokea kwenye mtandio na kwenye mashavu. Ukiziona, punguza.

Hatua inayofuata ni Healing, na hapa ndipo watu hujipoteza. Vuta picha kwa vidole viwili hadi chunusi iwe kubwa kama punje ya mchele, kisha iguse mara moja. Programu huchukua ngozi ya jirani na kufunika. Karibu na ukingo wa mtandio au nywele haifanyi vizuri, maana inaweza kuchukua kitambaa ikakibandika shavuni, kwa hiyo sehemu hizo ziruke. Lakini ufute nini? Sisi tunapendekeza kipimo cha wiki mbili. Kitu ambacho wiki mbili zijazo hakitakuwepo usoni mwako, kama chunusi, kikwaruzo au chembe ya vumbi, kifute bila wasiwasi. Kitakachokuwepo, kama kovu, baka la kuzaliwa au mstari wa kicheko, kiache. Hivyo ndivyo watu wanavyokutambua.

Mwisho ni Selective, kifaa ambacho filta haina. Gusa chini ya jicho moja, nukta itatokea. Ukiwa umeshika hapo, finya kwa vidole viwili na rangi nyekundu itakuonyesha eneo litakaloguswa. Lipunguze mpaka libaki kwenye kile kivuli tu, kisha telezesha kulia hadi 10 au 15. Rudia jicho la pili. Umeangaza kivuli, hujabadilisha rangi ya ngozi, na shavu lako bado linalingana na mkono wenye hina. Hiyo ndiyo tofauti nzima kati ya njia hizi mbili, na ukiishika hiyo unaweza kusahau nambari zote tulizotaja.

Sasa bonyeza picha uishike ili uone ya mwanzo, kisha achilia. Ukiruka mshtuko mkubwa kati ya mbili hizo, umezidisha. Mabadiliko mazuri ni yale ambayo unayaona ukilinganisha tu, na usiyoweza kuyataja ukiiangalia picha peke yake. Iweke simu chini, unywe chai, urudi baada ya dakika kumi. Jicho lako huzoea haraka, na kile kilichoonekana "poa" wakati ule kinaweza kukustua. Ukikuta hatua moja imezidi, ingia View edits ufungue hatua hiyo peke yake uirekebishe. Nyingine hazitaguswa. Hifadhi nakala, na ile asili usiifute.

Tusidanganyane, mkono nao hukosea. Kuna vijana wameiacha filta wakahamia kwenye Structure na HDR Scape, wakavipandisha mpaka kila kitundu cha ngozi kikawa kama udongo uliopasuka kiangazi. Hiyo si asili, ni uongo wa upande wa pili. Kamera kali hukuonyesha vitu ambavyo mtu aliye mbele yako akizungumza nawe havioni. Kipimo kiwe kile ambacho rafiki anakiona akiwa ameketi upande wa pili wa meza.

Na filta je, tuitupe? Hapana. Video ya moja kwa moja huwezi kuihariri kwa mkono, na ukiwa unaongea na watu mia mbili usiku kwenye chumba chenye balbu moja, kulainisha kidogo kunasaidia kuficha chengachenga za kamera. Ukifanya hivyo, shusha vya umbo na vya kung'arisha hadi sifuri, uache Smooth pekee kwenye robo au chini ya hapo, halafu uweke kiganja kando ya uso. Vikilingana rangi, endelea. Visipolingana, punguza tena. Na zile filta za masikio ya mbwa na miwani ya moto, hizo zipige upendavyo, kwa maana hakuna anayedhani ndivyo ulivyo. Filta ya hatari ni ile inayojifanya haipo.

Utasema dakika tano ni nyingi, na filta ni sekunde moja. Ni kweli. Lakini ukihesabu vizuri, wengi wetu hupiga selfi 30 zenye filta tukitafuta moja inayofaa, kisha tunaichapisha na bado hatujaridhika. Picha tatu kwenye mwanga mzuri, dakika tano za Snapseed, kazi imekwisha. Jaribu Ijumaa hii ukiwa popote ulipo. Piga moja yenye filta na moja kwa njia hii, ukiwa na mkono shavuni, umtumie mtu wa nyumbani zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Muulize moja tu: kati ya hizi, ipi ni mimi?